Pikofaradi Moja Inayobana Upana wa Bendi: Mwongozo Kamili wa Athari ya Miller katika Amplifaya ya Sosi ya Pamoja

Tuchukue amplifaya ya sosi ya pamoja iliyojengwa kwa transista moja ya MOSFET. Ishara inaingia kwenye geti kutoka katika chanzo chenye ukinzani wa kiloomu 10, sosi imeunganishwa na ardhi, na dreni inaona mzigo ambao jumla yake, pamoja na ukinzani wa ndani wa transista yenyewe, ni kiloomu 5. Transkondaktansi ni milisimensi 4, yaani volteji ya geti ikipanda kwa volti 1 mkondo wa dreni ungeongezeka kwa miliampea 4. Kati ya geti na sosi kuna pikofaradi 5, kati ya geti na dreni kuna pikofaradi 1 tu, na kati ya dreni na ardhi kuna pikofaradi 2.

Mtu anayekutana na sakiti hii kwa mara ya kwanza hujumlisha pikofaradi 5 na pikofaradi 1 zinazogusa geti, akazizidisha kwa kiloomu 10, akapata ukomo wa masafa ya juu wa megahezi 2.65. Akiipima sakiti atakuta ukuzaji umeshuka kwa desibeli 3 kwenye kilohezi 585 hivi. Tofauti hiyo haitokani na kosa la kipimo. Inatokana na pikofaradi ile moja ambayo, kwa kuwa imeunganisha ingizo na toleo la hatua inayokuza na kugeuza ishara, haionekani kwenye geti kama pikofaradi moja. John M. Miller, aliyekuwa katika ofisi ya viwango ya serikali ya Marekani, alilieleza jambo hili mwaka 1920 akizungumzia valvu ya elektrodi tatu, na jina lake limebaki hadi leo ingawa valvu imeondoka karibu kila mahali.

Hatua ya kwanza: pata thamani sahihi za kapasitansi

Karatasi ya data ya transista kwa kawaida haikupi kapasitansi kati ya geti na sosi moja kwa moja. Inakupa `Ciss`, `Coss` na `Crss`, na kila moja ina maana yake. `Crss` ndiyo kapasitansi ya mrejesho, yaani ile iliyo kati ya geti na dreni. `Ciss` ni jumla ya kapasitansi ya geti na sosi pamoja na ya geti na dreni, wakati `Coss` ni jumla ya ile ya dreni na sosi pamoja na ya geti na dreni. Kwa hiyo:

```
Cgd = Crss
Cgs = Ciss - Crss
Cds = Coss - Crss
```

Kosa la kawaida hapa ni kuichukua `Ciss` kana kwamba ni `Cgs`, kisha kuongeza juu yake athari ya Miller, jambo linaloihesabu kapasitansi ya mrejesho mara moja zaidi ya inavyostahili. Kosa la pili ni kupuuza volteji ambayo kipimo kilifanyiwa. Kapasitansi ya geti na dreni huongezeka volteji kati ya dreni na sosi inaposhuka, na karatasi ya data mara nyingi hutoa thamani iliyopimwa kwa volti 25 au zaidi. Ikiwa amplifaya yako imewekwa ifanye kazi kwa volti 3 kwenye dreni, thamani ya jedwalini itakudanganya kwa upande wa matumaini. Itafute kwenye grafu ya kapasitansi dhidi ya volteji, ambayo karatasi nyingi huwa nayo.

Hatua ya pili: elewa kuzidishwa huko kunatoka wapi

Ukuzaji wa hatua hii katika masafa ya kati ni transkondaktansi mara mzigo, yaani 0.004 × 5000 = 20, na alama yake ni hasi kwa sababu dreni hushuka pale geti linapopanda. Sasa fikiria kwamba geti limepanda kwa milivolti 1. Dreni itakuwa imeshuka kwa milivolti 20. Kapasita iliyo kati yao haikuona badiliko la milivolti 1, bali imeona badiliko la milivolti 21, kwa sababu upande wake mmoja umepanda na upande wa pili umeshuka kwa wakati uleule. Chaji inayohitajika ni kapasitansi mara badiliko la volteji kati ya ncha zake. Kwa hiyo chanzo cha ishara kimelazimika kutoa chaji mara 21 ya ile ambayo kingetoa kama ncha ya pili ingekuwa imetulia kwenye ardhi.

Chanzo hakijui chaji yake imekwenda wapi. Kinachokiona ni kwamba ili kulipandisha geti kwa milivolti 1 kimetoa chaji inayolingana na kapasita ya pikofaradi 21, na kwa upande wa ingizo hiyo ndiyo kapasita iliyopo. Ile 1 inayoongezwa kwenye ukuzaji inatokana na mwendo wa geti lenyewe, na 20 inatokana na mwendo wa dreni. Ndiyo maana fomula huandikwa hivi:

```
Cin = Cgs + Cgd (1 + gm RL)
```

Hapa pana jambo dogo la pembeni ambalo husaidia kumbukumbu. Kama toleo lingekuwa linafuata ingizo badala ya kuligeuza, kapasita ingeona badiliko dogo zaidi na ingeonekana kupungua. Hilo hasa ndilo hutokea kwa kapasitansi ya geti na sosi katika mfuasi wa sosi: sosi hupanda karibu sawa na geti, na chanzo hakihisi kapasita hiyo sana. Kanuni ni ileile, alama tu ndiyo imebadilika.

Hatua ya tatu: kadiria ukomo kwa njia ya haraka

Weka thamani kwenye fomula. Kapasitansi ya ingizo ni 5 + 1 × 21, yaani pikofaradi 26, ambazo 21 kati yake zimeletwa na kapasita iliyokuwa ndogo kuliko zote. Muda wa RC wa ingizo ni kiloomu 10 mara pikofaradi 26, sawa na nanosekunde 260, na ukomo wa masafa ni:

```
fH = 1 / (2π · 10 kΩ · 26 pF) ≈ 612 kHz
```

Kwa kazi nyingi hesabu hii ya mstari mmoja inatosha, maana imekosea kwa chini ya asilimia 5. Lakini ni lazima ujue imejengwa juu ya dhana gani. Tulidhani kwamba dreni inashuka mara 20 ya geti katika masafa yote tunayoyajali. Dhana hiyo ni nzuri mradi tu dreni haijaanza kuchelewa kabla ya ukomo tuliokokotoa. Ikiwa dreni imebebeshwa kapasita kubwa, au ikiwa ukinzani wa chanzo ni mdogo kiasi kwamba ingizo lina kasi kuliko toleo, fomula hiyo itakupa jibu lisilo na maana, na haitakuonya.

Hatua ya nne: hakiki kwa kujumlisha muda wa RC wa kila kapasita

Njia hii ni salama zaidi na haidai kazi nyingi. Kwa kila kapasita, zima ishara ya chanzo, ondoa kapasita nyingine zote, tafuta ukinzani ambao kapasita hiyo inauona kati ya ncha zake, kisha zidisha. Jumla ya muda wote hukupa makadirio ya ukomo ambayo kwa sakiti ya aina hii huegemea upande wa tahadhari.

Kapasita ya geti na sosi inaona kiloomu 10 tu, hivyo ina nanosekunde 50. Ile ya dreni inaona kiloomu 5, hivyo ina nanosekunde 10. Inayohitaji uangalifu ni ya geti na dreni. Weka chanzo cha mkondo mahali pake, kikivuta mkondo kutoka kwenye dreni na kuuingiza kwenye geti. Mkondo huo ukipita kwenye ukinzani wa chanzo unapandisha geti kwa mkondo mara kiloomu 10. Kupanda huko kunaifanya transista ivute mkondo wa ziada, na mikondo yote miwili, ule uliovutwa na ule wa transista, inapita kwenye mzigo na kuishusha dreni. Volteji kati ya ncha mbili, ikigawanywa kwa mkondo, ni:

```
Rgd = Rsig + RL + gm Rsig RL
    = 10 kΩ + 5 kΩ + 200 kΩ = 215 kΩ
```

Kiloomu 200 zile ndizo athari ya Miller, safari hii ikiwa imevaa vazi la ukinzani badala ya kapasitansi. Pikofaradi 1 mara kiloomu 215 ni nanosekunde 215. Jumla yote ni 50 + 215 + 10, yaani nanosekunde 275, na ukomo unakuwa kilohezi 579. Ukitatua sakiti kikamilifu bila makadirio yoyote unapata ukomo wa kwanza kwenye kilohezi 585, kwa hiyo njia zote mbili zimekaa karibu, moja juu kidogo na nyingine chini kidogo. Binafsi naipendelea hii ya pili hata pale ya kwanza inapotosha, kwa sababu inaonyesha waziwazi nani anakula muda: katika nanosekunde 275, zaidi ya robo tatu ni za kapasita moja.

Sasa tuone fomula ya haraka ikivunjika. Badilisha kitu kimoja tu: chanzo kiwe na ukinzani wa omu 50 badala ya kiloomu 10. Fomula ya Miller itasema omu 50 mara pikofaradi 26, nanosekunde 1.3, ukomo wa megahezi 122. Kujumlisha kunasema jambo jingine. Kapasita ya geti na sosi ina nanosekunde 0.25. Ya geti na dreni inaona omu 50, na 5000, na 1000 za kuzidishwa, jumla omu 6050, hivyo ina nanosekunde 6.05. Ya dreni bado ina nanosekunde 10. Jumla ni nanosekunde 16.3, na ukomo ni karibu na megahezi 9.8. Fomula ya haraka imekosea zaidi ya mara 12, kwa kuwa mahali penye ubanaji pamehamia kwenye dreni na yenyewe imeendelea kuangalia geti peke yake.

Kuna mtego wa pili unaofanana na huu. Wengine hugawanya kapasita ya mrejesho pande mbili, wakaweka pikofaradi 21 kwenye geti na takriban pikofaradi 1.05 kwenye dreni, kisha wakadai kwamba ukomo wa pili wa sakiti uko kwenye kiloomu 5 mara pikofaradi 3.05, sawa na megahezi 10.4. Katika sakiti yetu ya kiloomu 10 ukomo wa pili wa kweli uko karibu na megahezi 51. Sababu ni kwamba kwenye masafa hayo ya juu kapasita ya mrejesho huwa imeunganisha dreni na geti, transista inaanza kujipinga yenyewe, na dreni haioni tena kiloomu 5 bali ukinzani mdogo zaidi. Kapasita ileile inayoshusha ukomo wa kwanza ndiyo inayoupandisha wa pili. Wanaosanifu amplifaya za opereshani hulitumia jambo hili kwa makusudi ili kuleta uthabiti. Kwetu sisi ni onyo tu kwamba mgawanyo wa Miller hautabiri ukomo wa pili.

Hatua ya tano: ithibitishe hesabu kwa SPICE

Usianze na modeli kamili ya transista, kwa maana itakuficha ni kapasita ipi inayofanya nini. Anza na sakiti ya ishara ndogo yenye thamani zilezile ulizokokotoa:

```
* Athari ya Miller, ishara ndogo
Vsig s 0 AC 1
Rsig s g 10k
Cgs  g 0 5p
Cgd  g d 1p
Gm   d 0 g 0 4m
RL   d 0 5k
CL   d 0 2p
.ac dec 50 10k 1G
.end
```

Chora ukubwa wa `V(d)` kwa desibeli. Katika masafa ya chini utaona desibeli 26, ambazo ndizo ukuzaji wa 20. Tafuta pale inapofika desibeli 23, na utakuta ni kilohezi 585. Kisha punguza `Cgd` hadi `0.001p` na uendeshe tena: ukomo unapaa hadi zaidi ya megahezi 2.5 bila kugusa kitu kingine chochote. Ukiona toleo liko kwenye awamu ileile na ingizo katika masafa ya chini, umegeuza nodi za `Gm`, na kila kitu kinachofuata kitakuwa upuuzi kwa sababu kapasita sasa inarejesha ishara kwa alama isiyo sahihi.

Hatua ya sita: pima, na ujue ni nini kinachokubana

Mezani mambo mawili huharibu kipimo kabla hata ya kuanza. La kwanza ni probu ya osiloskopu. Probu ya kawaida ya mara kumi huleta pikofaradi 10 au zaidi. Ukiigusisha kwenye geti, umeongeza nanosekunde 100 na ukomo umeanguka hadi kilohezi 424. Ukiigusisha kwenye dreni, umeongeza nanosekunde 50 na ukomo ni kilohezi 490. Hivyo pima kwenye dreni, na uuondoe mchango wa probu kwenye hesabu badala ya kuushangaa.

La pili ni baya zaidi, nalo ni bodi ya majaribio yenye matundu. Safu mbili zinazopakana zina pikofaradi kadhaa kati yake. Tuseme ni 2, na geti na dreni ziko kwenye safu zinazopakana, jambo linalotokea kwa urahisi kutokana na mpangilio wa miguu ya transista. Kapasitansi ya mrejesho imekuwa pikofaradi 3, muda wake umekuwa nanosekunde 645, jumla ni 705, na ukomo umeshuka hadi kilohezi 226. Kama pikofaradi hizohizo 2 zingekuwa kati ya dreni na ardhi, zingeongeza nanosekunde 10 tu. Kwa hiyo waya wa geti na waya wa dreni visiende sambamba, na kwenye bodi ya kuchapishwa pitisha ukanda wa ardhi kati yao.

Ukishapata namba unayoiamini, fanya majaribio mawili kwa mpangilio huu. Kwanza punguza ukinzani wa chanzo nusu, kutoka kiloomu 10 hadi 5. Katika sakiti yetu jumla inashuka hadi nanosekunde 145 na ukomo unapanda hadi karibu megahezi 1.1, yaani karibu maradufu. Hilo linathibitisha kwamba ubanaji uko kwenye geti. Kama ukomo usingesogea, dreni ndiyo ingekuwa inabana, na hapo athari ya Miller haina hatia.

Baada ya hapo rudisha kiloomu 10 na upunguze mzigo nusu, hadi kiloomu 2.5, bila kubadilisha mkondo wa transista. Ukuzaji unakuwa 10, muda wa kapasita ya mrejesho unashuka hadi nanosekunde 112.5, jumla ni 167.5, na ukomo ni kilohezi 950. Kama kilichokuwa kinabana geti kingekuwa kapasitansi ya geti na sosi, kupunguza mzigo kusingekuwa na athari ya maana. Majaribio haya hayatenganishwi: la pili likifanywa peke yake halitofautishi athari ya Miller na dreni iliyolemewa, kwani zote mbili hupona mzigo unapopunguzwa.

Hatua ya saba: chagua dawa

Kupunguza mzigo ni dawa ya haraka, ila unalipa kwa ukuzaji, na malipo si ya haki: ulitoa nusu ya ukuzaji ukapata mara 1.64 tu ya upana wa bendi. Kuweka mfuasi wa sosi kati ya chanzo na geti ni bora zaidi pale chanzo kinapokuwa na ukinzani mkubwa. Mfuasi wenye transkondaktansi ileile ya milisimensi 4 unatoa ukinzani wa omu 250 hivi, na pikofaradi zile 26 zikisukumwa na omu 250 zinachukua nanosekunde 6.5 badala ya 260.

Dawa inayogusa chanzo cha tatizo lenyewe ni kaskodi. Transista ya pili huwekwa juu ya ya kwanza, geti lake likiwa limeshikwa kwenye volteji isiyobadilika, na mzigo unahamia kwenye dreni ya transista hiyo ya juu. Dreni ya ile ya chini sasa inaona takriban omu 250 tu, hivyo ukuzaji hadi hapo ni 1 na kizidishio ni 2 badala ya 21. Muda wa kapasita ya mrejesho unakuwa nanosekunde 20.25. Geti na sosi ya chini inabaki na 50, nodi ya katikati inaongeza kama 1.25, na toleo, likiwa na pikofaradi 2 pamoja na pikofaradi 1 ya transista ya juu kati ya dreni yake na geti lililoshikwa, lina 15. Jumla ni nanosekunde 86.5 na ukomo ni megahezi 1.84, zaidi ya mara 3 ya tulikoanzia, huku ukuzaji ukibaki 20.

Gharama ya kaskodi ni nafasi ya volteji, kwa kuwa transista mbili zinahitaji kila moja volteji yake ya kutosha ili zibaki katika eneo la mjao, na kwenye usambazaji wa volti chache toleo linaweza kukosa mahali pa kuchezea. Angalia pia kwamba nanosekunde 50 kati ya zile 86.5 ni za kapasitansi ya geti na sosi mbele ya kiloomu 10. Kaskodi haiwezi kuzigusa. Anayetaka kuzipunguza atapaswa kupunguza ukinzani wa chanzo au kuchagua transista ndogo zaidi.